Mapigo ya Moyo Yasiyo na Mpangilio na Namba Zinazobadilika kwenye Mashine ya Kupimia Presha Nyumbani

Mashine za kidijitali za kupimia shinikizo la damu zimeingia katika nyumba nyingi, na wagonjwa wengi wa presha sasa hufika kliniki wakiwa na daftari la vipimo vyao. Baadhi yao huleta lalamiko moja: mashine inatoa namba tofauti kila inapopimwa, hata kama vipimo vimeachana kwa dakika moja tu. Wengi huamua kuwa mashine ni mbovu au betri zimekwisha. Mara nyingine ni kweli. Lakini iko sababu nyingine inayostahili kuchunguzwa kabla ya mashine kutupwa, nayo ni hitilafu ya mapigo ya moyo inayoitwa mpapatiko wa atria.

Mpapatiko wa atria ni nini

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu huitwa atria, na viwili vya chini huitwa ventrikali. Katika moyo wenye afya, umeme unaouamuru moyo kupiga huanzia sehemu moja ya atria ya kulia na kusambaa kwa utaratibu, hivyo mapigo hufuatana kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Katika mpapatiko wa atria, umeme huo huzuka ovyo kutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Vyumba vya juu hutetemeka badala ya kujikamua, na ventrikali hupokea amri zisizo na mpangilio wowote.

Hali hii huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, wenye shinikizo la damu la muda mrefu, wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na wenye ugonjwa wa valvu za moyo, ukiwemo ule unaotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Wapo wanaosikia moyo ukienda mbio, uchovu au kuishiwa pumzi. Wapo pia wasiosikia chochote, na kwa hao mashine ya presha huweza kuwa ya kwanza kuonyesha dalili.

Kwa nini mashine hubabaika

Mashine ya kidijitali haisikilizi mapigo kama anavyofanya muuguzi kwa stetoskopu. Hujaza upepo katika mkanda hadi mshipa mkubwa wa mkono uzibwe, kisha huutoa upepo huo polepole. Damu inapoanza kupita tena, kila pigo la moyo husababisha mtikisiko mdogo ndani ya mkanda. Mitikisiko hiyo huanza ikiwa midogo, hukua hadi kileleni, kisha hupungua. Kilele hicho hulingana kwa karibu na wastani wa shinikizo ndani ya mshipa. Kutokana na umbo zima la kupanda na kushuka kwa mitikisiko, mashine hukadiria namba ya juu (SYS) na namba ya chini (DIA) kwa hesabu iliyowekwa na mtengenezaji.

Hesabu hiyo hutegemea jambo moja: kwamba pigo moja linafanana na linalofuata. Katika mpapatiko wa atria halifanani. Nafasi kati ya mapigo mawili ikiwa ndefu, ventrikali hupata muda wa kujaa, na pigo linalofuata husukuma damu nyingi kwa nguvu. Nafasi ikiwa fupi, ventrikali hupiga kabla ya kujaa, na pigo huwa dhaifu. Hivyo mitikisiko katika mkanda hupanda na kushuka ovyo, na mashine hupoteza umbo inalolitafuta. Mashine ikikutana na pigo kubwa katika hatua fulani ya kutoa upepo hutoa namba moja, na ikikutana na pigo dogo katika hatua hiyo hiyo hutoa namba nyingine. Ikishindwa kabisa, huandika Err au hujaza upepo upya bila kuamriwa.

Kwa maneno mengine, sehemu ya tofauti hiyo si kosa la mashine. Shinikizo lenyewe linabadilika kutoka pigo hadi pigo, na kipimo kimoja ni picha ya mapigo machache tu. Tafiti zilizolinganisha mashine hizi na vipimo vya stetoskopu kwa wagonjwa wa aina hii zinaonyesha kuwa namba ya juu hukadiriwa vizuri kiasi pale vipimo vinaporudiwa, lakini namba ya chini huelekea kuzidishwa kidogo.

Jinsi ya kutofautisha

Hatua ya kwanza ni kuondoa makosa ya kawaida ya upimaji. Mpimwaji apumzike kwa dakika 5 akiwa ameketi, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa, na mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Mkanda uwe wa saizi inayolingana na mkono, ufungwe kwenye ngozi na si juu ya nguo, na mtu asizungumze wakati mashine inafanya kazi. Asipime akiwa amebanwa na mkojo, au ndani ya nusu saa baada ya kunywa kahawa au kuvuta sigara.

Makosa hayo yakiondolewa, mtu mwenye mapigo ya kawaida akipima mara tatu kwa kupishana dakika moja ataona namba zikikaribiana, mara nyingi zikishuka kidogo kadiri anavyotulia. Mwenye mpapatiko wa atria huona namba zikiruka juu na chini bila mwelekeo, siku baada ya siku.

Hatua ya pili ni kuushika mshipa. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu kwa dakika nzima. Usitumie kidole gumba, kwa kuwa kina mapigo yake yanayoweza kukuchanganya. Ikiwa mapigo yanakwenda sawa na mara chache moja linaruka, huenda ni mapigo ya ziada, ambayo huwapata watu wengi. Ikiwa hakuna mpangilio unaoweza kuufuata hata kidogo, nguvu na nafasi vikitofautiana pigo kwa pigo, hiyo ndiyo sura ya mpapatiko wa atria.

Mashine nyingi pia huonyesha alama ya moyo inapogundua mapigo yasiyolingana, na baadhi huandika AFIB. Alama hiyo ni onyo, si uthibitisho. Huweza kutokea kwa sababu ya mapigo ya ziada au mkono kutikisika. Vilevile, kutoonekana kwake hakumaanishi kuwa moyo uko salama. Uthibitisho hupatikana kwa kipimo cha umeme wa moyo pekee. Kwa kuwa kwa baadhi ya watu mpapatiko huja na kuondoka, kipimo kilichofanyika wakati moyo umetulia kinaweza kuwa cha kawaida, na daktari huweza kuagiza kifaa cha kuvaliwa kwa saa 24 au zaidi.

Mfano

Tuchukue mama mwenye umri wa miaka 68 anayetumia dawa za presha. Asubuhi anapima mara tatu na kupata 152/94, kisha 131/83, kisha 146/93. Kati ya kipimo cha kwanza na cha pili iko tofauti ya 21 katika namba ya juu. Akiamini cha kwanza peke yake, atashawishika kumeza kidonge cha ziada. Akiamini cha pili, ataona dawa zimefanya kazi. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili ungekosa msingi.

Akikokotoa wastani, anapata 143/90. Asubuhi inayofuata anapata 138/85, 149/92 na 133/87, ambavyo wastani wake ni 140/88. Namba moja moja zilitawanyika, lakini wastani wa siku mbili umekaribiana sana. Wastani huo unasema jambo linaloeleweka: presha yake bado iko juu ya 135/85, kiwango kinachotumika kutambua presha ya juu kwa vipimo vya nyumbani.

Mashine pia ilimwandikia mapigo 84 kwa dakika. Muuguzi wa kliniki alipomsikiliza kifuani kwa stetoskopu alihesabu 112, huku kwenye kifundo cha mkono akihesabu 90. Mapigo 22 yalikuwa dhaifu mno kufika mkononi. Ndiyo maana namba ya mapigo kwenye kioo haitoshi kuonyesha kasi halisi ya moyo wa mgonjwa wa aina hii.

Kinachofanyika kituo cha afya

Muuguzi au daktari akigundua mapigo yasiyo na mpangilio hupima presha kwa mashine ya kupampu kwa mkono na stetoskopu. Upepo hutolewa polepole kuliko kawaida, ili pigo linalokuja baada ya nafasi ndefu lisipitwe, na kipimo hurudiwa mara kadhaa kisha wastani ukachukuliwa. Mapigo yakiwa ya kasi sana, hata njia hii hubaki kuwa makadirio. Kasi ikidhibitiwa kwa dawa, vipimo vya nyumbani navyo huelekea kutulia.

Jambo zito zaidi katika uchunguzi huo si namba za presha. Damu inayotuama katika atria isiyojikamua huweza kuganda, na bonge likichomoka hupelekwa hadi kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Mpapatiko wa atria huongeza hatari ya kiharusi kwa takribani mara tano. Kwa hiyo daktari hupima umri, presha, kisukari, hali ya moyo na historia ya kiharusi ili kuamua iwapo mgonjwa anahitaji dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye valvu iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi kwa kawaida hupewa warfarini, inayohitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Aspirini haichukui nafasi ya dawa hizo.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Pima mara tatu kila asubuhi na kila jioni kwa siku 7, ukipishanisha vipimo kwa dakika moja. Andika namba zote tarakimu kwa tarakimu, pamoja na Err na alama yoyote iliyojitokeza. Usichague namba inayokupendeza. Wakati wa kukokotoa wastani, acha vipimo vya siku ya kwanza. Peleka daftari pamoja na mashine yenyewe kliniki, ili ilinganishwe na kipimo cha stetoskopu.

Usiongeze, usipunguze wala usiache dawa kwa sababu ya kipimo kimoja. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizisitishe bila maelekezo ya daktari, hata kama mapigo yameonekana kurudi katika hali ya kawaida.

Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ukiwa umetulia, kuzimia, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, au ulimi kuwa mzito ni dalili za dharura. Zikitokea, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri kipimo kingine cha presha.