Uchopoaji wa Taarifa: Tangazo la Kazi Kutoka Picha Hadi Jedwali

Kijana wa Kakamega anayetafuta kazi hupata picha ya tangazo la gazeti kwenye WhatsApp. Kompyuta haiioni kama tangazo. Kwake ni doa jeusi juu ya doa jeupe. Hatua ya kwanza ni utambuzi wa herufi, yaani kuyageuza madoa hayo kuwa maandishi. Hatua ya pili ndiyo tunayoiita uchopoaji wa taarifa: kuchagua ndani ya maandishi hayo nafasi, sifa, tarehe ya mwisho na njia ya kuomba, kisha kuweka kila kimoja katika uga wake. Neno “kuchopoa” linafaa kwa sababu anayechopoa hachukui vyote.

Tuseme bodi ya utumishi ya kaunti imetangaza nafasi za afisa muuguzi na za fundi wa maabara katika safu mbili. Programu isipouona mpaka wa safu, husoma moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, na muuguzi hujikuta akidaiwa cheti cha maabara. Sifa ni za kila nafasi peke yake, lakini tarehe na anwani huandikwa mara moja tu, chini kabisa, na zinahusu nafasi zote mbili. Kwa hiyo ni lazima zirudiwe katika kila rekodi.

Ugumu wenyewe uko kwenye tarehe. Tangazo linaweza kusema maombi yafike “ndani ya siku 21 tangu tangazo hili”. Kama gazeti ni la Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, siku yenyewe ya kutangazwa haihesabiwi, kwa hiyo mwisho ni 25 Machi:

```
{"nafasi": "Afisa Muuguzi",
 "sifa": ["Diploma ya Uuguzi"],
 "mwisho": "2025-03-25",
 "mwisho_asilia": "siku 21 tangu tangazo hili",
 "njia": "barua kwa posta au kwa mkono"}
```

Uga wa `mwisho_asilia` unaonekana kama ziada, lakini mimi nisingeuacha. Ndio unaomwezesha mtu kuikagua hesabu bila kuitafuta picha upya.

Pale tangazo linapotaja siku pamoja na tarehe, ukaguzi ni rahisi zaidi. Likisomwa “Ijumaa, 11 Machi 2025”, kuna kosa, maana tarehe 11 ilikuwa Jumanne. Huenda 4 ya “14” imesomwa kama 1. Rekodi hiyo irudishwe kwa mtu aitazame picha kwa macho yake.

Tarehe ya gazeti ikiwa imekatwa, `mwisho` uandikwe `null`. Tarehe ya faili haisaidii, kwani WhatsApp huondoa kumbukumbu za kamera, na inayobaki huenda ni siku picha ilipopokelewa. Basi ewe unayepiga picha tangazo, usilikate karibu mno: uache ukingo wa juu wa ukurasa, wenye jina la gazeti na tarehe yake.