Jina la kumpumbaza waziri: miaka 75 ya jedwali la Bellman

Mwaka 2025 ilitimia miaka 75 tangu Richard Bellman, mwanahisabati mzaliwa wa Brooklyn, akae msimu mmoja katika taasisi ya RAND mjini Santa Monica, California, na kutoka na mbinu ambayo leo inawatoa jasho wanafunzi wa kompyuta kila msimu wa mitihani. Mbinu hiyo ni programu dinamiki. Miaka 75 imepita kimya, na wengi wanaojaza majedwali yake kwenye karatasi za mtihani hawajui ilitoka wapi.

Bellman alikuwa akishughulikia maamuzi yanayofuatana, ambapo uamuzi wa leo unabadilisha hali utakayoikuta kesho. Hoja yake kuu ni fupi: hata uamuzi wa kwanza uwe upi, maamuzi yaliyobaki lazima yawe bora kwa hali uliyofikia. Kwa hiyo tatizo kubwa hujengwa kwa majibu ya matatizo madogo ya aina ileile. Makala yake ilitoka mwaka 1952, kitabu kikafuata mwaka 1957.

Kisa kinachosimuliwa zaidi, hata hivyo, ni cha jina. Katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1984 ambao pia ni mwaka aliofariki, Bellman anasimulia kwamba RAND ilikuwa ikiishi kwa fedha za Jeshi la Anga, na juu ya jeshi hilo alikaa Waziri wa Ulinzi Charles Wilson, mtu aliyechukia utafiti kiasi kwamba alipolisikia neno hilo uso ulimwiva. Sembuse hisabati! Bellman akahitaji jina la kuificha kazi yake. Akachukua "programu", ambayo enzi hizo ilimaanisha mpango au ratiba, si msimbo wa kompyuta. Kisha akaongeza "dinamiki", kwa sababu lilieleza mambo yanayobadilika kadiri muda unavyokwenda, na kwa sababu, anasema, ni neno lisiloweza kutumika kwa ubaya. Hata mbunge asingepata la kulipinga.

Kisa kitamu, lakini kina tundu. Stuart Russell na Peter Norvig, waandishi wa kitabu maarufu cha akili unde, walikagua tarehe na kuona kwamba makala ya 1952 tayari ina jina hilo, ilhali Wilson aliingia wizarani Januari 1953. Mwishoni mwa 1950 waziri alikuwa George Marshall. Naye Harold Kushner, mtaalamu wa nadharia ya udhibiti, alisimulia kwamba alipomuuliza Bellman jina lilitoka wapi alipewa jibu jingine kabisa: alitaka kuifunika programu ya mstari ya George Dantzig, akaona kuongeza "dinamiki" kungetosha. Mimi naegemea jibu la pili. Wivu wa wasomi hauhitaji waziri. Ila huenda Bellman alichanganya miaka tu alipokuwa akikumbuka uzeeni, na ubishi huu hauna hakimu.

Jedwali ambalo wanafunzi wengi hukutana nalo ni la umbali kati ya maneno mawili: ni mabadiliko mangapi, ya kuongeza, kufuta au kubadili herufi moja, yanayohitajika ili neno moja liwe jingine. Taras Vintsyuk wa Kyiv alitumia mbinu ya jamii hiyo kutambua matamshi mwaka 1968. Mwaka 1970 Saul Needleman na Christian Wunsch wakaitumia kulinganisha protini. Mwaka 1974 Robert Wagner na Michael Fischer wakaichapisha kwa umbo linalofundishwa darasani.

Tuchukue PAKA iwe KAPU. Swali la herufi zote nne kwa nne hutegemea maswali matatu madogo: umefuta herufi ya mwisho ya PAKA, umeongeza herufi ya mwisho ya KAPU, au umelinganisha hizo mbili za mwisho. Kila dogo huzaa mengine matatu. Hapa ndipo marudio yanapoonekana. Ukichora mti wa maswali hayo bila kuhifadhi majibu, swali la kugeuza PA iwe KA linajitokeza mara 13, na la kugeuza P iwe K mara 63. Lakini maswali tofauti ni 25 tu, urefu tano (sifuri hadi nne) kwa tano. Marudio hayo ndiyo dalili ya kutafuta kwenye mtihani. Ukipanga orodha kwa kuigawa nusu kwa nusu, vipande havirudii, na jedwali halitakusaidia kitu.

Kabla ya namba yoyote, andika kila kisanduku cha jedwali kinauliza nini. Hapa D[i][j] ni mabadiliko machache kabisa ya kugeuza herufi i za kwanza za PAKA ziwe herufi j za kwanza za KAPU. Safu ya juu na safuwima ya kushoto hujijibu zenyewe, kwani kutoka neno tupu hadi herufi tatu ni kuongeza mara tatu. Penginepo, chukua namba ndogo kabisa kati ya hizi: kisanduku cha juu ongeza moja, cha kushoto ongeza moja, na cha mshazari ongeza moja, lakini cha mshazari usikiongezee kitu herufi zikifanana.

```
      K A P U
    0 1 2 3 4
P   1 1 2 2 3
A   2 2 1 2 3
K   3 2 2 2 3
A   4 3 2 3 3
```

Tazama A ya kwanza ya PAKA ikikutana na A ya KAPU. Herufi zinafanana, mshazari una 1, basi 1 inashuka kama ilivyo. Chini kulia pana 3, nalo ndilo jibu. Ukitaka hatua zenyewe, rudi nyuma kutoka hapo ukiuliza kila namba imetoka kwa jirani gani. Hiyo 3 imetoka mshazari (A ikawa U), 2 iliyotangulia imetoka mshazari (K ikawa P), 1 imeshuka bure kwa A, na ya mwanzo ni P kuwa K.

Kosa linalowagharimu wengi ni kusahau safu ya sifuri, au kuongeza moja kwenye mshazari hata herufi zinapofanana. Kuna ukaguzi wa haraka: majirani wa kushoto na kulia, au wa juu na chini, hawapitani zaidi ya moja, na ukishuka mshazari namba hubaki ileile au hupanda moja, kamwe haipungui. Ukiona 1 inafuatiwa na 3, umekosea karibu na hapo.

Baada ya 1974 historia inatulia. Mwaka 2015 Arturs Backurs na Piotr Indyk walionyesha kwamba kupata jibu hili kwa kasi inayozidi sana ile ya kujaza jedwali zima kungevunja dhana ambayo wananadharia wengi wanaiamini. Darasani, kwa bahati mbaya, jedwali limebaki bila swali lake: mwanafunzi anakariri hatua za kujaza na kushindwa mtihani ukibadilisha tatizo. Walimu, ombeni kwanza sentensi inayoeleza kisanduku kinauliza nini, na muipe alama zake kabla ya namba ya kwanza.