Chemsha bongo ya slaidi Instagram: Jibu likae wapi ili watu wakomenti na kusevu?

Posti ya chemsha bongo inaonekana kazi rahisi. Slaidi ya kwanza swali, ya pili jibu, basi. Lakini kurasa nyingi zikifanya hivyo zinaambulia laiki tu: mtu anateleza, anaona jibu, anaendelea na safari zake. Hakomenti kwa sababu hana la kubishia, wala hasevu kwa sababu hakuna cha kurudia.

Chukua mfano wa ukurasa wa habari za Njombe na Makambako unaotaka kutoa chemsha bongo iitwayo "Unaijua Njombe?" Hivi ndivyo posti hiyo inavyoweza kupangwa.

Mtego wa slaidi ya pili

Kwanza ijulikane tabia moja ya Instagram. Mtu akiona posti ya slaidi na kuipita bila kuteleza, mtandao huo mara nyingi humletea tena posti ileile baadaye, safari hii ikianzia slaidi ya pili.

Kwa posti za kawaida hiyo ni bahati. Kwa chemsha bongo ni hasara, kama slaidi ya pili ni jibu tupu. Msomaji anakutana na "B. TAZARA" bila kujua swali lilikuwa nini. Mchezo umeisha kabla haujaanza.

Dawa yake ni kuifanya slaidi ya kwanza iwe jalada na ya pili iwe swali la kwanza. Hivyo posti ikirudi mara ya pili, bado inaanza na swali.

Mpangilio wa slaidi nane

Instagram iliruhusu slaidi 10 kwa miaka mingi, na mwaka 2024 ikapandisha hadi 20. Maswali matatu hayahitaji zote hizo:

1. Jalada: "Unaijua Njombe? Maswali 3, hesabu alama zako"
2. Swali la 1
3. Jibu la 1
4. Swali la 2
5. Jibu la 2
6. Swali la 3
7. Jibu la 3
8. Muhtasari na swali la mwisho lisilo na jibu

Picha zote ziwe na ukubwa mmoja, pikseli 1080 kwa 1350, kwa sababu slaidi ya kwanza ndiyo inayoamua umbo la zote. Ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, inakatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni chaguo la mwisho kule chini.

Kila slaidi ya jibu irudie swali kwa herufi ndogo juu. Slaidi hiyo ndiyo watu wanayoipiga skrinshoti na kuirusha WhatsApp, na ikifika huko bila swali lake haieleweki.

Swali linalozaa komenti

Swali la kwanza liwe la kumpa mtu moyo: Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012 kutoka mkoa gani? Mbeya, Ruvuma au Iringa? Wengi watapata, ni Iringa. Akishapata moja, anataka kujua la pili.

La pili ndilo la kuzua ubishi: Mkoa wa Njombe una wilaya ngapi? 4, 5 au 6?

Hapa ndipo mwandaaji anapoweza kuumbuka. Jibu ni wilaya 4: Njombe, Ludewa, Makete na Wanging'ombe. Lakini halmashauri ziko 6, maana Wilaya ya Njombe peke yake ina tatu: Halmashauri ya Wilaya ya Njombe, Halmashauri ya Mji Njombe na Halmashauri ya Mji Makambako.

Mkazi wa Makambako anayeona halmashauri yake kila siku anaweza kujibu 6 kwa moyo mkunjufu kabisa. Slaidi ya jibu ikiandika "4" tu, komenti zitajaa, ila zitakuwa za kusema ukurasa hauijui Njombe. Komenti za namna hiyo zinahesabika, lakini imani inapungua.

Kwa hiyo slaidi ya jibu ieleze kosa lenyewe: "Ni 4. Uliyejibu 6 umehesabu halmashauri." Chini yake ziwekwe orodha mbili, wilaya 4 upande mmoja na halmashauri 6 upande wa pili. Aliyekosa haoni kuwa amechekwa. Anaelewa kwa nini alikosea, na anakomenti "mimi nilihesabu halmashauri bana."

Machaguo ya uongo yafuate kanuni hiyohiyo. Swali la tatu likiwa "Reli gani inapita Makambako?", machaguo yawe Reli ya Kati, TAZARA na SGR. Ni majina ambayo mtu anaweza kuyachanganya kweli. Kuweka "Reli ya Nairobi" ni kumpa jibu bure.

Jibu linalosevika

Watu wanasevu kitu wanachodhani watakihitaji. Neno "TAZARA" peke yake halihitaji kusevu. Lakini slaidi ya jibu la tatu inaweza kubeba ramani ndogo ya njiapanda: reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, barabara kuu ya kwenda Mbeya, na ile inayokata kusini kupitia Njombe mjini, takriban kilomita 60, hadi Songea.

Hapo mwanafunzi au msafiri ana sababu ya kugusa ile alama ya "Save". Kikomo ni kimoja: maelezo yasizidi yale yanayosomeka kwenye simu bila kukuza picha. Jaribio ni kuifungua slaidi kwenye simu ya kawaida na kuisoma mkono ukiwa umenyooka.

Swali la mwisho lisiwe na jibu

Majibu yote yakishatolewa, hamu ya kubishana inapoa. Ndiyo maana slaidi ya nane inaacha moja wazi: "Mwezi wa saba, baridi kali zaidi iko wapi: Makambako, Njombe mjini au Makete?" Hakuna anayekosa, kila mtu ana ushahidi wake wa sweta. Juu yake liwekwe swali la alama: "Umepata ngapi kati ya 3?"

Kosa likigundulika baada ya kuposti

Picha ya slaidi haibadilishwi baada ya posti kutoka. Kinachowezekana ni kuhariri maelezo ya chini, kufuta slaidi yenye kosa, au kuandika sahihisho kwenye komenti na kulibandika juu. Kufuta slaidi ya jibu pekee kunaacha swali likielea, kwa hiyo afadhali zifutwe zote mbili, na namba ya maswali kwenye maelezo irekebishwe. Jalada bado litasema 3, hivyo sahihisho lilieleze hilo.

Kusoma matokeo

Laiki zisiwe kipimo. Akaunti ya kitaalamu, ambayo ni bure, inaonyesha posti imefikia akaunti ngapi na imesevuliwa mara ngapi. Tuseme imefikia akaunti 2,000 na kusevuliwa mara 60: hiyo ni asilimia 3. Namba hiyo ilinganishwe na posti nyingine za ukurasa huohuo.

Komenti zikiwa nyingi na kusevu kukiwa kidogo, slaidi za majibu ni nyepesi. Kusevu kukiwa kwingi na komenti zikiwa chache, maswali hayana ubishi. Na komenti zikiwa za kumrekebisha mwandaaji, tatizo ni swali: huenda alisema wilaya akimaanisha halmashauri.