Chandarua chenye dawa: ukifue mara ngapi, ukianike wapi

Chandarua kikishafuliwa, wengi wetu hukianika juani kama shuka au blanketi. Kwa shuka hakuna ubaya. Kwa chandarua chenye dawa, kila kufua na kila kuanika kuna kitu kinachopungua ambacho macho hayawezi kukiona. Katika makala hii tunaeleza ni kitu gani hicho, na namna ya kukitunza hasa kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako kuna baridi ya Mufindi na Rungwe juu, na joto la Kyela, Usangu na Pawaga chini.

Dawa inakaa wapi

Wanaokumbuka miaka ya mwanzoni mwa 2000 watakumbuka pakiti ya Ngao. Mtu alinunua chandarua na pakiti ya dawa, akakichovya mwenyewe kwenye beseni. Dawa ile ilishika juu juu tu ya uzi, kwa hiyo baada ya kufua mara 3 hivi, au angalau mara moja kwa mwaka, ilibidi kuchovya upya.

Vyandarua vya siku hizi hutiwa dawa kiwandani, na kuna aina kuu mbili za uzi. Aina ya kwanza ni uzi wa poliesta, laini mkononi, karibu na kitambaa cha kawaida. Dawa yake imepakwa nje ya uzi pamoja na gundi maalumu inayoizuia isitoke yote kwa mara moja. PermaNet 2.0 ni wa aina hii, na dawa yake ni deltamethrini. Aina ya pili ni uzi wa plastiki, mgumu zaidi na unaokwaruza kidogo. Huu dawa yake huchanganywa na plastiki yenyewe kabla uzi haujavutwa. Olyset, kinachotengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z, ni wa aina hii, na dawa yake ni permethrini.

Mbu hufa kwa dawa anayoikanyaga juu ya uzi, si ile iliyo ndani. Ya ndani ni akiba. Ukifua, unaondoa ya juu. Baadaye ya ndani hupanda polepole kuchukua nafasi yake. Kwa uzi wa plastiki, upandaji huo huweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, na hutegemea joto. Penye baridi dawa hupanda polepole zaidi.

Hesabu ya kufua

Shirika la Afya Duniani linataka chandarua cha dawa ya muda mrefu kiendelee kuua mbu baada ya kufuliwa mara 20 maabara, na kwa miaka 3 ya matumizi nyumbani. Huko maabara, kipande cha chandarua hufuliwa kwa sabuni isiyo kali na maji ya nyuzijoto 30, kisha mbu huwekwa juu yake kwa dakika 3. Chandarua hufaulu mbu 80 au zaidi kati ya 100 wakifa ndani ya saa 24, au 95 au zaidi wakianguka ndani ya saa moja.

Sasa tuchukue nyumba ambayo moshi wa kuni hufika chumbani, na chandarua huchafuka haraka. Mama akikifua kila baada ya wiki mbili, kwa mwaka mmoja atakifua mara 26. Zile mara 20 zitaisha kabla ya miezi 10 kupita. Akikifua kila mwezi, zitaisha baada ya miezi 20. Akikifua kila baada ya miezi 3, kwa miaka 3 atakifua mara 12 tu, na atabaki na nafasi ya siku mtoto atakapokikojolea. Dawa haizimiki ghafla siku ya kufua ya 20, lakini hesabu hii inaonyesha chandarua kinazeeshwa na nini. Moshi na vumbi vikisumbua, kikung'ute nje taratibu na ukikunje juu ya kitanda mchana.

Kifue kwa maji ya baridi na sabuni ya mche, kwa kukiminyaminya kwa mikono. Usikiloweke, usitumie sabuni kali ya unga wala jiki, na usikipige juu ya jiwe. Dawa za kundi hili huharibiwa na vitu vikali vya kung'arisha nguo, nao uzi hukatika kwa kusuguliwa. Usikikamue kwa kukisokota, kiache kichuruzike. Maji ya kufulia yasiende mtoni, ziwani wala kwenye bwawa la samaki, kwa sababu dawa hii ni sumu kali kwa samaki. Yamwage chooni au kwenye shimo mbali na maji.

Kwa nini kivulini

Mwanga wa jua una mionzi inayovunja dawa hii vipandevipande visivyoua mbu. Mionzi hiyo hiyo huchosha uzi, ukawa mkavu na rahisi kukatika. Watafiti wa magharibi mwa Kenya, katika ripoti yao ya mwaka 2010, walilinganisha vyandarua vilivyoanikwa kivulini na vilivyoanikwa juani baada ya kufuliwa mara nyingi. Vya kivulini vilibaki na dawa nyingi zaidi. Vilivyotandazwa juani chini ndivyo vilivyopoteza zaidi.

Mtu anaweza kuuliza: kama joto huipandisha dawa, si bora jua? Hapana. Jua huleta joto pamoja na mionzi, na dawa inayofika juu ya uzi ndiyo inayovunjwa. Joto la chumba linatosha, ila linahitaji muda. Saa moja ya jua kwa bahati mbaya haiui chandarua. Kinachokimaliza ni mazoea.

Milimani nguo hukawia kukauka, hasa penye ukungu. Fua asubuhi, tandaza chandarua juu ya kamba mbili upenuni ili uzito ugawanyike, mbali na moshi wa jiko. Usiku ukifika kikiwa na unyevu, kining'inize hivyo hivyo. Kulala bila chandarua ni hatari kuliko kulala ndani ya chandarua chenye unyevu.

Hapa ndipo baridi yetu inapoleta jambo la kupanga. Anayetoka Mufindi kwenda kulima mpunga Pawaga, au anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, hupenda kufua chandarua siku ya mwisho kabla ya safari. Kama ni cha uzi wa plastiki, atafika kwenye mbu wengi huku dawa ya juu ikiwa haijarudi. Afue wiki mbili kabla.

Utajuaje kimechoka

Rangi na harufu havisemi lolote kuhusu dawa, na nyumbani hakuna kipimo. Unachoweza kukagua ni uzi. Kitazame kwenye mwanga kila unapokifua, hasa sehemu ya chini inayosuguana na kitanda. Tundu dogo lishone mara moja. Ukiona uzi unakatika kwa kuvutwa kidogo, matundu yameanza kuwa mengi kuliko unavyoweza kushona.

Utafiti uliofanyika katika wilaya 8 za Tanzania, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba vyandarua vingi havifiki miaka 3 vikiwa bado vinafaa. Kwa hiyo andika kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye lebo ya chandarua, mwezi na mwaka ulipokifungua, na uweke alama moja kila unapokifua. Utakapokwenda kliniki au kituo cha afya kuuliza kingine, utajua umri wa chako bila kukisia.