Vidonge vya kusafishia tangi la choo

Vidonge vya kusafishia tangi la choo ni dawa ngumu inayotumbukizwa ndani ya tangi la maji lililo nyuma ya bakuli, iyeyuke polepole na kusafisha bakuli kila maji yanapovutwa. Kuna vya buluu, ambavyo kazi yake kubwa ni sabuni, rangi na harufu nzuri. Kuna vyeupe, vinavyoua vijidudu na kung'arisha kwa klorini. Vya klorini ndivyo vinavyoharibu mipira ya tangi na kufupisha maisha ya vipuri vyake, na ndivyo makala hii inavyovihusu zaidi.

Klorini yenyewe si adui wa vipuri vya choo. Maji ya bomba ya mjini hufika nyumbani yakiwa nayo, kwa kawaida kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, na mipira hudumu miaka mingi ndani yake. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 5 kwa lita kuwa kikomo cha maji ya kunywa. Tatizo la kidonge ni mahali kinapokaa. Kimewekwa ndani ya chombo kidogo chenye maji yaliyotulia, karibu na mpira unaolowa usiku na mchana, nacho hakiachi kuyeyuka hata kama hakuna anayetumia choo.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuchukue tangi la lita 6 na kidonge cha gramu 50 cha asidi ya trikloroaisosayanuriki, dawa ileile inayotumika katika mabwawa ya kuogelea. Dawa hii ina takriban asilimia 90 ya klorini inayoweza kufanya kazi, yaani gramu 45 katika kidonge chetu. Kikidumu wiki nne, kinatoa gramu 1.6 kwa siku, au karibu miligramu 67 kila saa. Mchana, watu wakivuta maji kila baada ya saa moja, klorini ndani ya tangi inafika miligramu 11 kwa lita kabla ya kuondoka. Usiku, tangi likikaa saa nane bila kuguswa, inakaribia 90. Ofisi ikifungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi, ni saa 60 za utulivu, na hesabu inapita 650. Kwa kweli kidonge huyeyuka taratibu zaidi katika maji yasiyotikisika, na sehemu ya klorini hupotea kwa kushambulia chochote inachokuta, kwa hiyo tarakimu hizi zichukuliwe kama kiwango cha juu. Hata zikigawanywa kwa tano, mpira unalala wikendi nzima katika maji makali mara mia na zaidi kuliko ya bomba.

Ndiyo maana choo cha nyumba ya wageni isiyo na wageni, au cha chumba kinachotumika mara chache, huharibika upesi kuliko cha familia kubwa. Mwenye nyumba huona ajabu, kwa sababu amezoea kwamba kitu kinachotumika zaidi ndicho kinachochakaa kwanza. Vivyo hivyo mtaani ambako maji hukatika: tangi lililojaa linahifadhiwa kwa tahadhari, watu wanavuta mara moja tu kwa siku, na kidonge kinaendelea kuyeyuka humo ndani.

Ndani ya mpira kinachotokea ni hiki. Mpira asilia umejengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli ambamo baadhi ya atomi za kaboni zimeshikana kwa vifungo maradufu. Vifungo hivyo ndivyo sehemu dhaifu, na klorini inavifuata kwanza. Inajiunga navyo, inaikata minyororo mingine na kuifunga mingine pamoja, na ngozi ya nje ya mpira inapoteza ulaini. Mpira uliokuwa ukijikunja na kukaa sawasawa juu ya kiti chake sasa una ganda gumu lenye nyufa nyembamba. Aina nyingine za mchanganyiko huelekea upande wa pili: hunyonya maji, huvimba, hujikunja pembeni na kuwa laini kama tope. Mafundi hutambua hali hiyo kwa kidole. Mpira mweusi ukiguswa huacha weusi mkononi, kwa sababu masizi yaliyochanganywa kiwandani ili kuupa nguvu hayana tena kitu cha kuyashikilia.

Si mipira yote iliyo sawa. Mpira wa EPDM una vifungo maradufu vichache, tena viko nje ya mnyororo mkuu, hivyo unavumilia klorini vizuri kuliko mpira asilia au wa naitraili. Silikoni pia huvumilia vizuri. Lakini mteja anayenunua washa dukani haambiwi imetengenezwa kwa nini, na rangi haithibitishi kitu.

Plastiki nazo zina tofauti. Mwili wa vali na bomba la kumwagia maji ya ziada hutengenezwa mara nyingi kwa plastiki isiyojali sana klorini. Asetali, plastiki ngumu na laini kwa mguso inayopendwa kwa vipande vidogo vinavyosogea, haivumilii klorini. Uso wake huwa na unga mweupe, kisha unapasuka. Chuma kisichoshika kutu nacho huanza kuwa na vishimo, na boliti za shaba nyeupe zinazobana tangi juu ya bakuli huliwa polepole. Hapa asidi ya trikloroaisosayanuriki inaumiza mara mbili, kwa kuwa ikiyeyuka hushusha pia pH ya maji. Maji ya mvua, ambayo karibu hayana chumvi za kuzuia badiliko hilo, hugeuka kuwa na asidi upesi zaidi kuliko maji magumu ya kisima. Haipokloraiti ya kalisi, dawa nyingine ya vidonge vyeupe, hupandisha pH badala ya kuishusha, na katika maji magumu huacha utando wa chokaa juu ya kiti cha vali. Mpira mpya uliowekwa juu ya utando huo utavuja ingawa hauna kasoro.

Namna choo kinavyoonyesha ugonjwa inategemea aina ya tangi. Vyoo vya mtindo wa Marekani huwa na kifuniko cha mpira kinachoinuliwa kwa mnyororo mdogo. Hicho kikiharibika, maji yanapita chini yake mfululizo. Matangi ya kitufe, yenye vali inayoinuka wima, yana washa nyembamba ya duara chini ya vali, na yanavuja kwa njia hiyohiyo. Matangi ya Kiingereza ya zamani, ambayo bado yako katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hutumia saifoni. Uingereza haikuruhusu vali za kuachia maji badala ya saifoni hadi mwaka 2001, na sababu ya msingi ilikuwa hofu ya kuvuja. Saifoni haina mpira unaozuia maji chini, bali kiwambo chembamba kinachoyasukuma juu. Kikichanika, choo hakivuji, ila mshikio unavutwa mara tatu ndipo maji yaende. Mwenye nyumba hudhani mkono wake haukuvuta vizuri, na kidonge kinaachwa kilipo.

Uvujaji wa vali ni mgumu kuuona kwa macho, kwa sababu maji yanateremka kwenye ukuta wa bakuli kama utando mwembamba. Dalili ya kwanza huwa ni sauti: tangi linajijaza kwa sekunde chache katikati ya usiku bila mtu kuvuta. Kuthibitisha, toa kidonge, vuta maji mara mbili, kisha tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi na subiri dakika 20. Rangi ikitokea ndani ya bakuli, mpira haufungi. Mwenye kidonge cha buluu asitegemee rangi yake kwa kipimo hiki, maana bakuli tayari lina maji ya buluu.

Kiasi kinachopotea kinaweza kupimwa bila mita. Funga koki ya maji inayoingia kwenye tangi, weka alama ya penseli usawa wa maji, rudi baada ya nusu saa. Tangi lenye upana wa ndani wa sentimita 40 na kina cha sentimita 15 kutoka mbele kwenda nyuma lina eneo la sentimita za mraba 600. Maji yakishuka sentimita moja, zimepotea sentimita za ujazo 600, yaani lita 0.6. Hiyo ni lita 1.2 kwa saa, karibu 29 kwa siku, na zaidi ya 860 kwa mwezi. Ndoo arobaini na tatu za lita 20 zinapita katika ufa ambao sikio halisikii, na kwa anayenunua maji ya boza bei ya kidonge inakuwa si bei tena.

Anayetaka kujua amenunua kidonge gani asome namba ya kemikali kwenye pakiti, kwa kuwa majina ya biashara hayasemi kitu. Namba 87-90-1 ni asidi ya trikloroaisosayanuriki na 7778-54-3 ni haipokloraiti ya kalisi. Zote mbili hazifai kukaa ndani ya tangi. Watengenezaji wengi wa vipuri huandika kwenye karatasi ya udhamini kwamba hawawajibiki tangi likiwekwa dawa ya klorini, lakini karatasi hiyo hutupwa pamoja na boksi. Hatari kubwa kuliko ya mipira iko kabatini: dawa hizi mbili zisihifadhiwe katika chombo kimoja, kwani zikichanganyika na unyevu kidogo huweza kuwaka au kulipuka. Tena tangi lenye kidonge cha klorini lisimwagiwe siki wala asidi ya kuondoa madoa, kwa sababu gesi ya klorini itatoka.

Vidonge vya buluu visivyo na klorini havina madhara hayo kwa mpira, ingawa mabaki yake yanayonata huweza kukwama chini ya vali na kuizuia kukaa. Mwenye kuhitaji klorini aitie ndani ya bakuli, aiache dakika kumi, kisha avute maji. Kwa matangi yenye mrija mwembamba unaojaza bakuli upya, kuna vikopo vinavyofungwa kwenye mrija huo. Maji yanapita ndani ya kikopo na kushuka moja kwa moja kwenye bakuli, na klorini haiigusi vali. Saifoni kwa kawaida haina mrija huo, kwa hiyo mwenye tangi la aina hiyo anabaki na njia ya bakuli.

Tangi ambalo limeshakaa na vidonge lisafishwe kabla ya kutiwa mpira mpya. Vuta maji mara kadhaa, funga koki, vaa glavu, ondoa mabaki yaliyoganda sakafuni mwa tangi, kisha pitisha kidole kuzunguka kiti cha vali. Kikiwa na chokaa, iondoe kwa kitambaa kilicholowekwa siki, ila baada tu ya kuhakikisha dawa yote imekwisha kutolewa. Kikiwa na vishimo, mpira peke yake hautasaidia, na vali nzima ibadilishwe. Wakati huohuo angalia boliti za kubana tangi na washa zake, kwa sababu zimelowa maji yaleyale, na zikiachia, maji hayaishii bakulini bali sakafuni.