Sarafu ya Ankara: Kiwango Kikibadilika, Nani Anaumia?

Sarafu ya ankara ni fedha ambayo bei ya mauzo imeandikiwa katika ankara: shilingi, dola, yuro au nyinginezo. Isichanganywe na sarafu ya malipo, yaani fedha inayoingia benki. Ankara inaweza kudai shilingi milioni moja "zilipwe kwa dola kwa kiwango cha siku ya malipo". Hapo dola ni chombo cha kulipia tu. Deni lenyewe ni la shilingi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anabeba hatari ya kiwango cha kubadilisha fedha. Bei ikiandikwa kwa fedha ya muuzaji, mnunuzi ndiye anayebeba. Ikiandikwa kwa fedha ya mnunuzi, mzigo unamwangukia muuzaji. Na ikiandikwa kwa fedha ya tatu, kila mmoja anabeba wake. Mfanyabiashara wa Nairobi akiliuzia duka la Hamburg kwa dola, yeye anaangalia dola dhidi ya shilingi, na Mjerumani anaangalia dola dhidi ya yuro. Wengi huiona dola kuwa uwanja wa kati usioumiza mtu, kumbe imewapa wote wawili mashaka.

Uzito wa hatari hiyo ulionekana Kenya mwanzoni mwa 2024. Mwishoni mwa Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Februari serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, ili kulipa sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Hofu kwamba nchi ingeshindwa kulipa ikapungua, na kufikia mwishoni mwa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 132. Magazeti yalisifu shilingi kuimarika, na waagizaji wa bidhaa walipata nafuu. Kwa aliyekuwa akisubiri dola zake, ilikuwa hasara.

Tuchukue kikundi cha wasusi wa vyondo kilichokubaliana na mnunuzi wa Hamburg mwishoni mwa Januari: bei dola 30,000, malipo baada ya siku 60. Katani, rangi, ujira na usafiri hadi bandarini viligharimu shilingi 4,300,000. Kwa kiwango cha 160 walitarajia 4,800,000, yaani faida ya 500,000. Fedha zilipoingia kwa kiwango cha 132, walipata 3,960,000, hivyo wakapungukiwa na 340,000. Mnunuzi alilipa kila senti, kwa wakati, na vyondo havikuwa na dosari.

Kikundi kingeweza kuona hatari hii kabla ya kutia saini. Gawanya gharama za shilingi kwa dola za bei: 4,300,000 kwa 30,000 ni 143.3. Hicho ndicho kiwango cha mwisho kabla ya kuingia hasarani. Mwenye mkataba ajiulize: je, dola inaweza kushuka kutoka 160 hadi 143 kabla sijalipwa? Na siku zihesabiwe tangu bei ilipokubaliwa. Ankara huandikwa baadaye, lakini bei ilikwisha kufungwa.

Kinachotazamwa hapa ni fedha ya gharama zako. Kama theluthi moja ya gharama hizo ingekuwa nauli ya meli iliyolipwa kwa dola mwishoni, kushuka kwa dola kungepunguza gharama pamoja na mapato, na pengo lingekuwa dogo.

Kujikinga kwa kudai shilingi tupu ni vigumu, kwa kuwa mnunuzi wa Hamburg hana mahali rahisi pa kuzipata, na atataka punguzo kwa usumbufu huo. Njia nyingine ni kukubaliana na benki mapema kiwango cha kuuzia dola siku ya malipo, lakini benki huenda ikadai dhamana, na kwa mauzo madogo isivutiwe.

Iliyobaki ni kugawana hatari kwa kifungu cha mkataba. Mkiandika kwamba kiwango cha msingi ni 160, kwamba mabadiliko ya hadi asilimia 5 hayagusi bei, na kwamba yanayozidi hapo yatagawanywa nusu kwa nusu, mpaka wa chini ni 152. Dola ikifika 132, ziada ni shilingi 20, na mnunuzi anafidia 10. Kikundi kinapata kana kwamba kiwango ni 142: shilingi 4,260,000. Hasara inashuka hadi 40,000, na mnunuzi anaongeza takriban dola 2,270. Mnunuzi ana sababu ya kukubali: dola ikipanda hadi 180, imevuka mpaka wa 168 kwa shilingi 12, na ni zamu ya kikundi kumrudishia 6 kwa kila dola.