Faida ya Siku Moja: Bati la Bisie na Kinachofichwa na Jumla

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilitangaza kusimamisha kazi katika mgodi wake wa Bisie, wilayani Walikale, Kivu Kaskazini nchini Kongo, kwa sababu waasi wa M23, walioiteka Goma mwishoni mwa Januari, walikuwa wakisonga mbele kuelekea huko. Bisie hutoa takriban asilimia 6 ya bati linalochimbwa duniani; mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000. Bei katika Soko la Metali la London ikaruka, na katika siku zilizofuata ikapita dola 35,000 kwa tani. Yeyote aliyekuwa na opsheni ya kununua bati alipata faida siku hiyo, na kila mmoja wao alikuwa na maelezo yaleyale: nilijua hali ya Kivu.

Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli na bado yasieleze faida ilitoka wapi. Opsheni haina mlango mmoja wa kuingizia fedha. Delta ni sehemu inayoletwa na bei kupanda au kushuka. Gama huletwa na ukubwa wa mwendo wa bei, uwe wa juu au wa chini. Theta ni thamani inayoyeyuka kadiri muda wa mkataba unavyopungua. Vega huletwa na mabadiliko ya mtikisiko, yaani kiwango cha kuyumba kwa bei ambacho soko linakitarajia na kukilipia ndani ya bei ya opsheni. Hoja yangu ni kwamba mfanyabiashara asiyeigawa faida yake kwa njia hii kila jioni hajui alinunua nini, hata kama fedha zimeingia.

Tuchukue mfano. Namba ni zangu, si za mtu yeyote, ila ukubwa wake unalingana na tukio lenyewe. Mtu ana opsheni za kununua tani 100 za bati, sawa na loti 20 za London za tani 5 kila moja. Bei ya kutekelezea ni dola 33,000, ambayo ndiyo bei ya soko jioni hiyo. Muda uliobaki ni miezi mitatu na mtikisiko ni asilimia 24 kwa mwaka. Tukiacha riba pembeni, kanuni ya Black ya mwaka 1976 inatupa thamani ya dola 1,579 kwa tani. Delta ni 0.524. Theta ni dola 12.5 kwa tani kwa kila siku ya kazi, na vega ni dola 66 kwa kila pointi moja ya mtikisiko.

Kesho yake habari inafika. Bei inafunga kwenye 35,500 na mtikisiko kwenye asilimia 30. Opsheni sasa ina thamani ya dola 3,520 kwa tani, hivyo faida ya tani 100 ni kama dola 194,000. Tukizidisha vipimo vya jana jioni kwa mabadiliko ya leo, delta imeleta 131,000, gama 31,400 na vega 39,400, na theta imekula 1,250. Jumla yake imezidi faida halisi kwa dola 6,400 hivi. Hilo ndilo baki, nami nitalirudia.

Theluthi mbili za faida, basi, ni mwelekeo wa bei tu. Angeweza kuzipata kwa mkataba wa kawaida wa kununua bati baadaye, bila kulipa ada ya opsheni. Sasa mtazame jirani yake mwenye opsheni zilezile, ila aliuza loti 10 za mkataba wa baadaye, tani 50, ili kujikinga na mwelekeo. Hizo zilimpotezea 125,000, akabaki na 69,000. Kwa jumla ameshindwa. Lakini zaidi ya dola 60,000 katika faida yake zimetokana na mshtuko wenyewe, na kama Alphamin ingetangaza habari njema na bei ikaanguka kwa 2,500, gama yake ingemlipa vilevile. Wa kwanza alibeti juu ya bei. Wa pili alinunua mtikisiko. Ukiwapima kwa jumla utampongeza wa kwanza kwa ustadi ambao hakuutumia.

Gama nayo haisomwi peke yake, kwani theta ndiyo kodi yake. Kwa mtikisiko wa asilimia 24, bei ya bati lazima iende takriban dola 500 kwa siku, juu au chini, ndipo gama ilipe kodi ya siku hiyo. Siku tulivu zinakula polepole: dola 31,400 zilizoletwa na gama siku ya mshtuko ni sawa na theta ya siku 25 za kazi. Aliyenunua opsheni zake wiki chache kabla ya tangazo amerudishiwa kodi na ziada. Aliyekuwa anazishika na kuziongezea muda tangu mwaka uliopita huenda bado yuko kwenye hasara, na taarifa ya siku moja haitamwambia. Kwa hiyo gama na theta zijumlishwe tangu siku ya kununua.

Turudi kwenye baki. Vipimo vya jana vinafaa kwa mwendo mdogo, na 2,500 si mwendo mdogo. Bei ilipofika 35,500 opsheni ilikuwa imetoka mbali na bei yake ya kutekelezea, na vega yake ilikuwa imepungua kutoka dola 66 hadi 57. Pointi sita za mtikisiko hazikuleta 394 kwa tani bali 350 hivi. Dola 44 hizo zimezaliwa na bei na mtikisiko kusogea pamoja. 20 zilizobaki ni gama kufifia njiani. Wengine huzigawa kimyakimya kwa delta na vega ili hesabu ipendeze. Mimi naona ziachwe kwenye mstari wao, kwa sababu baki linaloelezeka siku ya mshtuko ni afya, ilhali baki kubwa siku ambayo bei haikusogea ni dalili kwamba kuna bei imeandikwa vibaya au kuna biashara haijaingizwa kwenye vitabu.

Hatari kubwa iko kwenye vega. Opsheni za bati hazina wanunuzi wengi kama za shaba, na siku ya vurugu mtikisiko wa asilimia 30 unaweza kuwa kauli ya dalali mmoja kwenye simu. Kosa la kawaida ni kuchukua mtikisiko wa opsheni zenye bei ya kutekelezea iliyo karibu na bei mpya, 35,500, na kuubandika kwenye opsheni ya 33,000, ingawa kila bei ya kutekelezea ina mtikisiko wake. Hili hujitokeza pale unapouza: faida ya vega iliyoandikwa Machi inageuka hasara ya ghafla siku ya mauzo, bila soko kusogea.

Uchambuzi huu una ukomo mwingine. Mwanzoni mwa Aprili Marekani ilitangaza ushuru wake mpya na bati likashuka pamoja na metali nyingine. Tarehe 9 Aprili Alphamin ikatangaza kuanza tena kazi kwa awamu. Vyote viwili vinaingia kwenye mstari uleule wa delta. Kutenganisha hasara ya Washington na ile ya Walikale kunahitaji kulinganisha bati na shaba au zinki saa kwa saa, na hiyo ni kazi ambayo vipimo vinne haviwezi kuifanya.